Shajara ya mradi: sentensi ya penisilini katika kadi ya msafiri aendaye Italia

Tarehe 4 Machi

Kadi tunayoitengeneza hukunjwa mara moja, na ikishakunjwa hulingana na kadi ya benki, yaani milimita 85.6 kwa 54. Upande wa kushoto utakuwa na sentensi za dharura kwa Kiswahili, upande wa kulia sentensi hizo hizo kwa Kiitaliano, na chini ya kila sentensi ya Kiitaliano tutaweka mstari mdogo wa matamshi kwa tahajia ya Kiswahili. Orodha ya awali ina sentensi kumi na nne. Nimeamua kuanza na ile ya mzio wa penisilini, kwa sababu kosa ndani yake linaweza kumdhuru mtu kwa dakika chache, na pia kwa sababu nashuku kwamba matatizo yake yatajirudia katika sentensi nyingine zote.

Sentensi yenyewe ya Kiswahili imenishughulisha kuliko nilivyotarajia. Niliwauliza watu wanne wangemwambiaje daktari jambo hilo, nami nikapata majibu manne: «Nina mzio wa penisilini», «Nina aleji ya penisilini», «Penisilini inanidhuru» na «Mwili wangu unaikataa penisilini». Sentensi ya tatu ni kweli lakini haisemi inadhuru kwa njia gani, kwa kuwa dawa inaweza kumdhuru mtu kwa kumharisha tu. Ya nne ikifasiriwa neno kwa neno hutoa «Il mio corpo rifiuta la penicillina», sentensi ambayo Mwitaliano ataielewa kwa kuguna, huku akikumbuka zaidi mwili unaokataa figo iliyopandikizwa. Zinabaki mbili za kwanza. «Mzio» ndilo neno la vitabu vya tiba, ila kwa baadhi ya wazungumzaji lina harufu ya mwiko, kama chakula ambacho mtu hakili kwa sababu za kwao. «Aleji» haina utata huo. Upande wa Kiswahili utasomeka «Nina mzio (aleji) wa penisilini», ingawa mabano ndani ya sentensi ya dharura hayanipendezi.

Tarehe 6 Machi

Tafsiri ya kwanza iliyoniijia ndiyo ile ya vitabu vyote vya mazungumzo: «Sono allergico alla penicillina». Ni Kiitaliano safi, na ndivyo Waitaliano wenyewe wasemavyo. Tatizo ni kwamba ni mwanamume pekee anayeweza kuisema. Mwanamke husema «Sono allergica», kwa sababu kivumishi cha Kiitaliano hufuata jinsia ya anayesema, ilhali «nina mzio» ya Kiswahili haijali kama msemaji ni mume au mke. Kila sentensi yetu inayotafsirika kwa «sono» pamoja na kivumishi huzaa sentensi mbili: «diabetico» na «diabetica», «asmatico» na «asmatica», hata «nilizirai», ambayo huwa «sono svenuto» au «sono svenuta».

Mwenzangu anayepanga kurasa alipendekeza tuandike «allergico/a», kama fomu za ofisi zinavyofanya. Nilikataa kwa sababu mkwaju huo hausomeki kwa sauti. Msafiri anayehema, au mtu baki anayemsomea kadi kwenye simu, atasema «allergiko a», na hapo sikio la Mwitaliano litasubiri jina la dawa baada ya «a», kwa kuwa neno hilo kwao ni kihusishi. Pendekezo la pili lilikuwa kuchapisha kadi mbili, ya wanaume na ya wanawake. Hilo linawezekana, ila siku moja mtu atachukua ya mwenziwe.

Tarehe 9 Machi

Jibu lilikuwa ndani ya Kiswahili chenyewe. Sisi hatusemi kwamba mtu «ni» mzio. Tunasema «ana» mzio. Kiitaliano nacho kina njia hiyo: «Ho un'allergia alla penicillina», yaani, neno kwa neno, «nina mzio kwa penisilini». «Ho» haibadiliki kwa jinsia, na «allergia» ni nomino yenye jinsia yake yenyewe isiyomtegemea msemaji. Muuguzi Mwitaliano anayetusomea rasimu alithibitisha kwamba sentensi hiyo ni ya kawaida kabisa na kwamba hakuna daktari atakayeiona ngeni.

Baada ya hapo nilirudi kwenye orodha nzima nikijaribu kuondoa kila «sono» na kuweka «ho». «Nina kisukari» ikawa «Ho il diabete», «nina pumu» ikawa «Ho l'asma», na «nilizirai» ikawa «Ho perso conoscenza», ambayo kitenzi chake hakibadiliki kwa sababu kinatumia «ho» badala ya «sono». Sentensi moja tu ilikataa, «Sono incinta», yaani «nina mimba», na hiyo haina haja ya umbo la kiume. Kuna tahadhari moja: «nina presha» haiwezi kuwa «ho pressione», kwa maana kila aliye hai ana presha, lazima iwe «Ho la pressione alta».

Tarehe 10 Machi

Faida nyingine ya «allergia» imejitokeza bila kuitafuta. Mzungumzaji wa Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Neno «allergico» lina mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, al-LER-ji-ko, nasi kwa mazoea tutasema al-ler-JI-ko. Neno «allergia» lina mkazo wake pale pale tunapoupenda: al-ler-JI-a. «Penicillina» nayo ni pe-ni-chil-LI-na. Sentensi nzima, basi, inaangukia kwenye mdundo wetu bila kufundishwa.

Tarehe 13 Machi

Leo tumejaribu matamshi. Watu watano wasiojua Kiitaliano walisoma sentensi wakirekodi sauti kwenye simu, kisha muuguzi akasikiliza bila kuona kadi na kuandika alichosikia. Mara ya kwanza walisoma Kiitaliano kilivyoandikwa, bila mstari wa matamshi, na makosa yalikuwa ya kutabirika. Wote walitamka h ya «ho», ambayo kwa Kiitaliano haitamkwi kamwe. Wawili walisoma «penisilina», kwa kuwa masikio yao yamezoea penisilini, ingawa c mbele ya i kwa Kiitaliano ni ch yetu. Kosa baya zaidi lilikuwa kwenye sentensi ya mwisho wa kadi, «Chiamate il 112», ambapo wote watano walianza na ch ya «chai». Kwa Kiitaliano herufi ch husomwa k: kia-MA-te. Yaani herufi zile zile zinabadilishana nafasi kati ya lugha hizi mbili, na mtu akikosea upande mmoja atakosea na wa pili.

Mstari wa matamshi ulirekebisha karibu yote hayo. Kilichobaki ni konsonanti maradufu. Kiitaliano hutofautisha maneno kwa urefu wa konsonanti, nasi hatuna mazoea hayo. Katika sentensi ya maumivu ya kifua, «Ho un dolore al petto», msomaji mmoja alisema «peto» kwa t fupi, na muuguzi akaandika alichosikia kwa uaminifu: maumivu ya ushuzi. Alicheka, nasi tukacheka, lakini mtu mwenye moyo unaosimama hana muda wa kicheko hicho. Kueleza kwa maneno «vuta konsonanti» hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuwakumbusha wasomaji kwamba Kiswahili kinakawia kwenye m ya kwanza ya «mmea» na «mmoja», na kuwaambia wakawie hivyo hivyo kwenye t ya «pet-to» na l ya «chil-li-na». Maelezo hayo yameingia kwenye kadi kwa mstari mmoja, juu kabisa.

Mstari wa penisilini sasa unasomeka hivi: «o u-nal-ler-JI-a al-la pe-ni-chil-LI-na». Katika jaribio la pili wasomaji wanne kati ya watano walieleweka mara moja. Wa tano alieleweka aliporudia polepole.

Tarehe 17 Machi

Hadi leo nilikuwa nikiifikiria sentensi kama ya kusemwa. Muuguzi amenikumbusha kwamba mara nyingi mwenye kadi atakuwa amelala kwenye machela, na atakayesoma ni yeye muuguzi. «Ho un'allergia», sentensi ya nafsi ya kwanza, haitoshi kwa mtu asiyeweza kusema. Juu yake tumeweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa, «ALLERGIA ALLA PENICILLINA», na chini yake agizo. Kwa Kiswahili agizo ni jepesi, «Nisipewe penisilini». Kiitaliano kingelazimisha tuchague kati ya kumwambia msomaji kwa heshima au kwa mazoea, kwa hiyo tumetumia kitenzi kisicho na nafsi, kama mabango ya «usiguse» yanavyofanya kwao: «Non somministrare».

Halafu likaja swali la nini kisipewe. Niliandika «Non somministrare penicillina», na mfamasia tuliyemshirikisha akasimama kwenye herufi ya mwisho. Kwa umoja, neno hilo linaweza kusomwa kama dawa moja, ile ya sindano ya zamani. Kwa wingi, «penicilline», ni familia nzima, na familia hiyo ndiyo inayomhusu mgonjwa. Msafiri anayejua kwamba penisilini inamdhuru anaweza kupewa amoksilini bila yeye kushtuka, kwa sababu jina halifanani masikioni mwake, wala rangi ya kidonge. Agizo likawa: «Non somministrare penicilline (amoxicillina, ampicillina e simili)».

Mfamasia aliongeza jambo ambalo limepata mstari wake upande wa Kiswahili. Kwa Kiitaliano majina ya dawa za familia hii huishia na -cillina: amoxicillina, ampicillina, piperacillina, oxacillina. Jina hilo huandikwa kwenye boksi hata kama jina la kibiashara ni tofauti kabisa, na vidonge vilivyochanganywa husomeka «amoxicillina e acido clavulanico». Msafiri aliyepewa boksi kwenye duka la dawa anaweza kutafuta mwisho huo kwa macho yake mwenyewe, bila kujua neno jingine lolote la lugha hiyo.

Mmoja wa wasomaji wetu alitaka tuandike «nina mzio wa antibayotiki zote», ili kuwa salama zaidi. Hapana. Daktari akiamini sentensi hiyo atabaki mikono mitupu mbele ya maambukizi makali, au atachagua dawa isiyofaa sana. Hata sefalosporini, ambazo ni jamaa wa karibu wa penisilini, hatukuzitaja, kwa sababu uamuzi wa kuzitumia hutegemea dawa ipi na mgonjwa alipatwa na nini hapo zamani. Uamuzi huo ni wa daktari, nasi kazi yetu ni kumpa habari za kuamulia.

Tarehe 20 Machi

Habari hizo ndizo zilizochukua siku tatu. Watu wengi wanaoandikiwa kwamba wana mzio wa penisilini hukutwa hawana wanapopimwa, na hilo madaktari wanalijua, kwa hiyo swali lao la pili huwa: ulipatwa na nini, na baada ya muda gani? Kadi isiyojibu swali hilo humwacha daktari akibahatisha.

Tuliwachukua watu wawili wenye kauli moja, «nina mzio wa penisilini». Wa kwanza, mwanamke, alichomwa sindano mwaka 2009. Baada ya dakika chache midomo ikavimba na pumzi ikambana. Wa pili, mwanamume, alikunywa amoksilini akaharisha siku mbili. Sentensi ya Kiswahili ni ile ile, na tafsiri ya kichwa cha kadi ni ile ile, lakini wa kwanza anaelezea hatari ya kifo na wa pili anaelezea usumbufu wa tumbo ambao kwa kawaida hauitwi mzio. Mimi si tabibu wa kumfutia mtu mzio wake. Nilichoweza kufanya ni kuweka visanduku vya kutia alama, kila kimoja kwa lugha mbili:

vipele vya kuwasha: orticaria
kuvimba midomo au uso: gonfiore delle labbra o del viso
kupumua kwa shida: difficoltà a respirare
kuzirai: perdita di conoscenza
kuhara au kichefuchefu tu: solo diarrea o nausea

Vyote ni nomino, kwa hiyo jinsia haina pa kuingilia. Kisanduku cha kwanza kilinipa taabu upande wa Kiswahili. Rasimu ilisema «upele», na mtu aliyekuwa akirudisha kadi kwa Kiitaliano bila kuona tafsiri yetu aliandika «scabbia», yaani ugonjwa wa upele unaoambukiza. Hakukosea, neno letu lina maana zote mbili. Ndipo tukaandika «vipele vya kuwasha».

Chini ya visanduku kuna mistari miwili ya kujaza: «Dopo quanto tempo», baada ya muda gani, pamoja na chaguo la dakika, saa au siku, na «Anno», mwaka. Muda una uzito kwa daktari, kwa kuwa mzio wa hatari kwa kawaida hujitokeza ndani ya saa moja, na vipele vinavyochelewa siku kadhaa ni habari nyingine.

Kadi ya yule mwanamke, ikijazwa, inasomeka hivi:

ALLERGIA ALLA PENICILLINA
Ho un'allergia alla penicillina.
Non somministrare penicilline (amoxicillina, ampicillina e simili).
Reazione: gonfiore delle labbra o del viso, difficoltà a respirare.
Dopo quanto tempo: minuti. Anno: 2009.

Muuguzi aliisoma kwa sekunde chache akasema hana swali la kuuliza.

Tarehe 22 Machi

Nilisahau saa. Tulifanya igizo fupi: msafiri amemeza kidonge asichokijua saa mbili usiku, na nusu saa baadaye midomo inavimba. Muuguzi, akiigiza daktari wa zamu, aliuliza «A che ora?», na msafiri wetu akaonyesha vidole viwili. Daktari akaandika saa nane, ile ya mchana, yaani saa sita kabla ya tukio. Kwa hesabu hiyo kidonge kilimezwa mchana mzima kabla ya uvimbe, na kingeondolewa kwenye orodha ya washukiwa.

Mstari mpya unasema «Ho preso il farmaco alle ore», na mbele yake kuna nafasi ya tarakimu nne. Upande wa Kiswahili tumeandika mfano mmoja tu: saa mbili usiku, andika 20:00. Nilitaka kueleza kanuni ya kuongeza au kupunguza sita, ila mgonjwa hapaswi kupewa hesabu, na hata hivyo simu ya msafiri itakuwa inamwonyesha saa ya Kizungu.

Tarehe 25 Machi

Nusu ya mazungumzo ni kusikia, na kadi yetu ilikuwa imeiacha. Mtu akifika idara ya dharura, ambayo mlangoni imeandikwa «Pronto Soccorso», ataulizwa kuhusu mzio kabla hajasema lolote. Swali litakuja kwa umbo lile lile tulilolikwepa: «È allergico a qualche farmaco?» kwa mwanamume, «È allergica» kwa mwanamke, au neno moja tu, «Allergie?». Tumeweka maumbo hayo matatu chini ya kichwa «Utaulizwa», na jibu lake: «Sì, alla penicillina». Ni jibu fupi ambalo halihitaji «sono» wala «ho».

Nambari ya kupiga itabaki 112, ya dharura ya pamoja ya nchi za Umoja wa Ulaya. Nambari ya 118, ya huduma za wagonjwa nchini Italia, tumeiweka chini yake kwa herufi ndogo. Matamshi: UNO UNO DUE.

Tarehe 29 Machi

Sampuli ya kwanza imerudi kutoka kwa mchapaji. Mambo mawili yamenifanya nirudishe. Kwanza, mtu fulani, akidhani amerekebisha kosa, ameondoa n moja kwenye «Anno», na kadi sasa inamtaka mgonjwa ajaze habari za tundu lake la haja kubwa. Pili, kompyuta ya mchapaji imegawa «un'allergia» mwishoni mwa mstari, ikaacha «un'» peke yake juu, na alama yake ikakaribia kupotea kwenye mkunjo wa karatasi. Nimepunguza herufi kutoka ukubwa wa 10 hadi 9 ili sentensi ikae kwenye mstari mmoja, na nimeagiza mistari ya kujaza iandikwe kwa kalamu ya wino mkavu kabla kadi haijafunikwa kwa plastiki, kwa sababu baada ya hapo hakuna kinachoandikika.

Tarehe 2 Aprili

Kadi ya mtoto imerudisha tatizo la jinsia kwa mlango wa nyuma. «Mtoto wangu ana mzio wa penisilini» hutaka «mio figlio» kwa mvulana na «mia figlia» kwa msichana, na hapa nomino yenyewe ndiyo inayobadilika. Nilifikiria visanduku viwili, kisha nikaona kwamba mzazi atajaza kadi hiyo nyumbani, kwa utulivu, na anajua jina la mwanawe. Sentensi inaanza na nafasi tupu ya jina, kisha inafuata «ha un'allergia alla penicillina». H haitamkwi, kama kwenye «ho». Karibu na nafasi hiyo tumeongeza mstari wa uzito kwa kilo, kwa kuwa dawa za mtoto hupimwa kwa uzito wake, na penseli imeruhusiwa hapo tu, juu ya kipande ambacho plastiki haitakifunika.